Kabla ya Kumlaumu Anayechelewa, Hesabu Sekunde
Mazungumzo na kikundi cha ushonaji



Wengi wetu tulijifunza ushonaji barazani: Uvira, Bukavu, Nyarugusu au Mombasa. Kule fundi ni mmoja. Anapima, anakata, anashona, anapiga pasi, na gauni linatoka mkononi mwake likiwa limekamilika. Katika karakana za huku kazi inakatwa vipande. Mmoja anashona mfuko tu, mwingine pindo tu, mwingine kamba tu, na nguo inapita kutoka meza hadi meza. Kazi ikigawanywa vibaya, mtu mmoja analemewa na wengine wanakaa bure. Kisha yule aliyelemewa ndiye anayeitwa mzito wa mkono. Leo nataka tujue namna ya kugawa kazi hiyo kwa hesabu.

Hesabu yenyewe inaanza na takti. Ni neno la Kijerumani linalotaja mapigo ya muziki, na viwandani limejulikana sana kupitia Toyota ya Japani. Takti ni muda unaopita kati ya nguo moja kukamilika na nyingine kukamilika, ili oda ya mteja itimie kwa wakati. Unaipata kwa kugawa muda wa kazi kwa idadi ya nguo zinazotakiwa.

Tuchukue mfano wa aproni za mpishi. Mteja anataka aproni 700 kwa siku tano, yaani 140 kwa siku. Zamu ni saa nane, ambazo ni dakika 480. Ondoa dakika 30 za chakula, mapumziko mawili ya dakika 10, na dakika 10 za kupanga vitu asubuhi na kufagia jioni. Zinabaki dakika 420. Gawanya kwa 140, unapata dakika 3, yaani sekunde 180. Kila baada ya sekunde 180 aproni moja inatakiwa itoke mwisho wa mstari. Angalieni kwamba namba hii haikutoka kichwani mwa msimamizi. Imetoka kwenye oda na saa za kazi.

Sasa tupime kazi. Msimamie mshonaji kwa ruhusa yake, na mwambie unapima kazi, humpimi yeye. Tumia saa ya simu. Pima aproni 10 mfululizo, pamoja na muda wa kuokota kitambaa na kukiweka chini, halafu gawanya kwa 10. Ukipima moja tu utadanganyika, kwa sababu hiyo moja inaweza kuwa ndiyo uzi ulipokatika.

Tuseme vitambaa vimeshakatwa, na vipimo vyetu ni hivi:

Pindo la juu la mfuko, sekunde 40.
Kupiga pasi kingo za mfuko, 50.
Kushona mfuko kwenye aproni, 75.
Pindo za pembeni na chini, 110.
Kingo za makwapani, 60.
Kutengeneza kamba, 85.
Kufunga kamba shingoni na kiunoni, 85.
Kukata nyuzi na kukagua, 60.
Pasi ya mwisho na kukunja, 55.

Jumla ni sekunde 620. Ukigawanya kwa takti ya 180 unapata tatu na nusu, pungufu kidogo. Hakuna nusu mtu, kwa hiyo tunahitaji angalau watu wanne, kila mmoja na kituo chake.

Karakana nyingi zingewagawa hivi: mama wa kwanza anaandaa mfuko, pindo na pasi, sekunde 90. Wa pili, kwa sababu ni hodari wa cherehani, anapewa kushona mfuko, pindo zote na makwapa, sekunde 245. Wa tatu anashughulika na kamba, 170. Wa nne anakagua na kupiga pasi, 115. Kwa macho inaonekana sawa, maana watu wako wanne kama hesabu ilivyotaka. Lakini mstari mzima unakwenda kwa mwendo wa kituo kizito kuliko vyote. Dakika 420 ni sekunde 25,200. Zigawanye kwa 245, unapata aproni 102 kwa siku. Kwa wiki mtakuwa na kama 510, na mteja anasubiri 700.

Hata bila saa mngeliona tatizo hili. Mbele ya mama wa pili kuna rundo linalokua kila saa. Wa tatu, anayepokea kutoka kwake, anainua shingo kutazama kama kuna kitu kinakuja. Rundo mbele ya mtu na mikono mitupu baada yake ni dalili kwamba kazi yake imezidi takti.

Hapo ndipo dawa zisizofaa zinapoletwa. Mkimhimiza mama wa kwanza aongeze kasi, rundo litakua tu. Mkiongeza mtu wa tano kwenye pasi, mtamlipa mshahara na bado mtatoa 102. Na mkimkemea mama wa pili, mnamdai sekunde 65 katika kila aproni, ambazo hana mahali pa kuzitoa.

Dawa ni kuhamisha kazi moja. Mfuko unashonwa kitambaa kikiwa bado tambarare, kabla ya pindo, kwa hiyo unaweza kurudi nyuma kwa mama wa kwanza. Yeye tayari ana cherehani na pasi mezani. Sasa wa kwanza ana sekunde 165, wa pili 170, wa tatu 170, wa nne 115. Hakuna aliyezidi 180. Watu ni walewale na mashine ni zilezile, ila mstari sasa una uwezo wa aproni 148 kwa siku.

Si kila kazi inahamishika. Kamba haziwezi kufungwa kabla ya pindo kushonwa, na pasi ya mwisho haitangulii kitu. Kabla ya kuhamisha, uliza: kazi hii inasubiri ipi, na kituo kile kina mashine yake?

Sekunde zinazobaki chini ya takti msizimalize zote. Uzi hukatika, bobini huisha, sindano huvunjika. Acheni pia aproni tatu au nne kati ya kituo na kituo, ili mmoja akisimama kubadili bobini, mwenzake asisimame. Mama wa nne mwenye sekunde 65 za ziada ndiye anayefaa kuleta vitambaa na kujaza bobini za wengine. Na kitambaa kikibadilika kuwa kizito, au akija mwenzetu anayejifunza, vipimo vya zamani havifai tena. Pimeni upya.

Wengine hapa si wasimamizi, mmeajiriwa katika karakana ya watu. Hesabu hii ni yenu pia. Ukiambiwa unachelewesha kazi, usijibu kwa hasira wala kwa kunyamaza. Omba kazi yako ipimwe mara 10, kisha weka namba mbili mezani: takti ni 180, kazi niliyopewa ni 245. Hata Kiingereza kikiwa bado kinakusumbua, namba hizo mbili zinaeleweka.

Saa za simu tunazo, na aproni ziko mezani. Tuanze kupima kituo cha kwanza.