Kabla ya kusaini memo ya bei ya mahindi: maneno niliyosema mu mkutano wa Mahagi

Sikuje kupinga walimaji. Mama yangu analima mahindi, na kila mavuno naona namna mchuruzi anakuja na bei yake mu mfuko, anachukua gunia, anaenda. Lakini paragrafu ya tatu ya memo yetu inaomba serikali iweke bei ya chini ya mahindi, halafu inunue yote itakayobakia. Kabla ya kusaini, tufanye hesabu pamoja. Namba hizi ni za mfano tu, nilizichagua ili zihesabike kirahisi.

Tuseme mu soko gunia ni dolari 20. Kwa bei hiyo walimaji wanaleta gunia 10 000, na watu wananunua zote. Serikali inasema: hakuna kuuza chini ya 26. Kila dolari moja ikipanda, walimaji wanaongeza gunia 200 na wanunuzi wanapunguza 300. Basi kwa dolari 26 zitaletwa gunia 11 200, lakini watu watanunua 8 200. Zinabaki 3 000. Serikali inazilipa 26 kila moja: dolari 78 000, bila depo, bila kamyo, bila dawa ya wadudu.

Mulimaji anapata nini? Zile gunia 10 000 za zamani, kila moja inaongeza dolari 6: ni 60 000. Zile 1 200 mpya zilimugharimu zaidi kulima, kwa hiyo kwa wastani anabaki na 3 kwa kila moja: 3 600. Jumla 63 600. Hiyo ni faida ya kweli, tusiifiche.

Sasa mama anayenunua unga ya bugali. Gunia 8 200 anazilipa dolari 6 zaidi: 49 200. Zile 1 800 ameacha kununua, na hasara yake pale ni kama 3 kwa kila moja: 5 400. Jumla amepoteza 54 600. Na msisahau, huyu mama mara nyingi ni mulimaji pia. Aliuza gunia tatu wakati wa mavuno, akanunua tatu wakati wa njaa. Kwake yeye, faida na hasara zinakutana njiani.

Weka pamoja: 63 600 toa 54 600 toa 78 000. Tuko chini ya zero kwa dolari 69 000, kama mahindi yataoza mu depo. Mtu atasema: serikali iyauze! Akiyauza hapa hapa, bei inashuka tena, na sheria imekufa. Akiyapeleka mbali na kupata 15 kila gunia, anarudisha 45 000, hasara inabaki 24 000, bila kuhesabu usafiri, nanyi mnajua barabara zetu. Kuwapa wakimbizi wa ndani ni kuzuri, ila kama walikuwa wananunua kidogo, wataacha kununua, na mabaki mu soko yataongezeka.

Lakini kinachoniogopesha zaidi ni mpaka. Paidha ni hapo tu. Ndugu zetu Alur wako pande zote mbili. Kama kule gunia ni 20 na huku serikali inalipa 26, nani atalala? Zikivuka gunia 5 000, serikali inanunua 8 000, yaani dolari 208 000. Zile 130 000 za kuongezeka, hakuna hata moja inayoingia kwa mulimaji wa Mahagi.

Hii si ndoto. Kenya, bodi ya nafaka ya serikali ilikuwa inalipa shilingi 3 200 kwa gunia ya kilo 90. Mu 2018 ikawa kashfa: walimaji walipiga foleni na kungoja malipo, huku wachuruzi wakishutumiwa kuuza mu depo mahindi ya bei rahisi kutoka nje. Mwisho wa mwaka ule serikali ilishusha bei mpaka 2 300, walimaji wakapiga kelele, na mwanzo wa 2019 ikapandisha kidogo, 2 500. Na ile ni serikali yenye depo na barabara. Kwetu, franga zikiisha kabla ya mabaki kuisha, bei ya 26 itabaki kwa wenye kujuana na karani wa mizani.

Angalieni tena namba. Faida yote ya walimaji ilikuwa 63 600. Serikali ingewapa pesa hiyo mkononi, ingetumia kidogo kuliko 78 000, na bei ya unga isingepanda. Shida yake ni liste: nani ataandikwa, nani ataongeza majina ya wafu. Hiyo naikubali.

Kwa hiyo naomba paragrafu ya tatu ibadilike. Badala ya bei ya chini, tuombe depo ndogo ambapo mulimaji anaweka gunia zake mpaka bei ipande, mizani inayopimwa mbele ya watu, na kuondoa malipo ya vizuizi kati ya shamba na soko. Na kama wengi mnataka bei ya chini ibakie, basi tuandike kikomo: gunia ngapi kwa kila mulimaji, kulingana na shamba lake, na liste ya waliouza ibandikwe mulangoni mwa depo. Ikionekana kijiji kimeuza kuliko mashamba yake yanavyoweza kuzaa, tutajua zimetoka wapi.

Kura tupige kesho, kabla memo haijachapishwa.