Sifa Inayothibitika: Namna ya Kuandika Uzoefu Wako katika Maombi ya Kazi

Mada iliyotolewa na Ofisa Mawasiliano wa Halmashauri mbele ya vijana wanaotafuta ajira, Kigoma



Nimeombwa nizungumzie sehemu moja tu ya wasifu na barua ya maombi ya kazi, nayo ni ile mwombaji anapojieleza mwenyewe. Katika sehemu hiyo wengi wetu huandika maneno yaleyale: “Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninashirikiana vizuri na wenzangu na ninaweza kufanya kazi bila kusimamiwa.” Yaweza kuwa kweli tupu. Hata hivyo, mwajiri aliyeketi na barua sitini mezani hana namna ya kuipima kweli hiyo. Mvivu naye ameandika vivyo hivyo, na wino wake ni mweusi kama wako.

Tuchukue mfano tuufanyie kazi pamoja. Ni mfano niliouunda mimi, lakini kazi yenyewe mnaifahamu. Binti mmoja alikuwa karani wa mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo wa Kibirizi. Sasa anaomba nafasi ya utunzaji wa ghala. Barua yake ina sentensi ileile niliyoisoma. Tumwulize maswali manne: ulifanya nini hasa, kwa kiasi gani, kwa muda gani, na nani au nini kinaweza kulithibitisha hilo?

Tuanze na neno “mchapakazi”. Anajibu kwamba kila alfajiri alipokea dagaa wa mitumbwi 6, akahesabu ndoo za kila mtumbwi na kuziandika katika daftari kabla dagaa hawajapelekwa kuanikwa. Tunamwuliza, je, ilikuwa kila siku? Anasema ndiyo. Hapo tusimame kidogo. Sote tunajua kuwa dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na kwamba mbalamwezi inapokuwa kali taa hazivuti samaki na mitumbwi mingi hukaa nchi kavu. Basi “kila siku” haiwezi kuwa sahihi, na mwajiri wa hapa Kigoma atalibaini hilo kabla hajamaliza kusoma mstari.

Afanyeje? Afungue daftari lake. Septemba 2023 alipokea dagaa siku 19, Oktoba siku 21, Novemba siku 20. Jumla ni siku 60 kwa miezi mitatu, yaani wastani wa siku 20 kwa mwezi. Hiyo ndiyo namba ya kuandika. Ni ndogo kuliko “kila siku”, lakini ina mahali ilipotoka.

Vivyo hivyo kuhusu tarehe. Alikuwa ameandika “Septemba 2023 hadi Desemba 2024” kana kwamba kazi haikukatika. Lakini mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili kuyapumzisha maji. Kwa miezi hiyo hakuwa na ndoo ya kuhesabu. Asipoitaja, atakayelikumbuka katazo lile atatilia shaka wasifu mzima, hata yale yaliyo kweli. Akiitaja, tarehe zake zinakubaliana na jambo linalojulikana ziwa zima, na hilo peke yake ni uthibitisho.

Sasa neno “mwaminifu”. Hili ni zito zaidi, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kujishuhudia uaminifu. Anachoweza kueleza ni utaratibu uliompa nafasi ya kuiba naye asiibe. Binti wetu alipokea fedha za mauzo mchana kutwa, na kila jioni alizihesabu mbele ya mwenye mali, kisha wote wawili wakatia saini katika daftari. Aandike hivyo hivyo bila kutaja neno “uaminifu”. Msomaji atalifikia mwenyewe, na likitoka kwake lina uzito zaidi. Aangalie asitaje kiasi cha fedha wala majina ya wateja, maana hiyo ni siri ya mwajiri wa zamani, na anayemwaga siri za jana atamwaga na za kesho.

Tunakuja kwenye “kushirikiana na wenzangu”. Hapa kosa la kawaida ni kuandika “tulifanya” kila mahali, hata mwajiri asijue mkono wako ulikuwa wapi. Wafanyakazi pale walikuwa 4. Wakati wa masika dagaa waliokuwa wameanikwa walilowa kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake anaangalia mawingu. Binti huyu alipendekeza zamu ya kuangalia hali ya hewa na kuwaita wenzake kuanua, akaiandika zamu hiyo na kuibandika ukutani. Wote walianua, lakini zamu aliipanga yeye. Atenganishe mambo hayo mawili.

Je, aseme hasara ilipungua kwa nusu? Iwapo hakuna aliyehesabu ndoo zilizoharibika kabla ya zamu, hana haki ya kuandika namba hiyo. Atakapoulizwa ameipataje, atakwama. Aseme lililobadilika na kuonekana: tangu hapo kila siku palikuwa na mtu mmoja anayejulikana kuwa na jukumu hilo.

Sentensi yake ya kwanza sasa inasomeka hivi:

“Karani wa mapokezi ya dagaa, Kibirizi, Septemba 2023 hadi Desemba 2024, isipokuwa kipindi cha kufungwa kwa uvuvi (Mei 15 hadi Agosti 15, 2024). Nilipokea na kuandika ndoo za mitumbwi 6, wastani wa siku 20 kwa mwezi. Nilikabidhi mauzo kila jioni kwa saini mbili. Nilipanga zamu ya kuanua dagaa kwa wafanyakazi 4.”

Hakuna neno la sifa hata moja, na mtunza ghala anaonekana ndani yake.

Limebaki swali la shahidi. Matangazo ya ajira za serikali huhitaji wadhamini watatu wa kuaminika wenye namba za simu zinazofanya kazi, na huonya kwamba taarifa za kughushi huchukuliwa hatua za kisheria. Wengi humweka diwani, mchungaji au shehe. Ni watu wa heshima, lakini hawakuwapo mwaloni alfajiri. Angalau mdhamini mmoja awe ameiona kazi kwa macho yake. Mwombe ruhusa kwanza, kisha msomee ulichoandika. Akisema, “Mwanangu, mitumbwi haikuwa 6, ilikuwa 5,” sahihisha. Ni heri akusahihishe yeye kuliko apigiwe simu na kutoa jibu jingine. Barua ya mtendaji wa mtaa nayo inathibitisha makazi yako. Kazi yako haiithibitishi.

Kwa ambaye hajawahi kuajiriwa, maswali ni yaleyale manne. Mtunza hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa ana daftari, ana idadi ya wanachama, ana mwenyekiti anayeweza kupigiwa simu.

Mkifika nyumbani, pigeni mstari chini ya kila neno la sifa katika barua zenu. Kila neno liulizwe maswali yake manne. Lisilo na jibu lifutwe.