Utatoza Vipi kwa Ushauri Wako?

Msikilizaji, mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Tuseme wewe ni mshauri wa hesabu hapa Kigoma, na mteja wako ananunua dagaa mwaloni Kibirizi. Utamtoza vipi?

Kumpangia daftari la mauzo ni kazi yenye mwisho unaoonekana, kwa hiyo mpe bei moja ya kazi nzima. Ukikadiria saa 20 kwa shilingi 15,000, ni 300,000. Ongeza 60,000 kwa muda wa kutafuta risiti zilizopotea, maana hazikosekani. Andika pia kisichohusika: akileta na hesabu za duka lake la Ujiji, hiyo ni kazi nyingine, italipwa kwa saa.

Penye ugumu hasa ni ada ya kila mwezi. Saa 8 ni 120,000, lakini ziwa likifungwa mteja hana mauzo, ataacha kulipa kimya kimya. Kubalianeni mapema kwamba miezi hiyo ni saa 2 tu, yaani 30,000, za kushughulikia kodi na madeni. Na saa ambazo hakuzitumia zisihamie mwezi unaofuata, la sivyo ziwa likifunguliwa atazidai zote kwa mkupuo.