Kuchemka Siyo Kuiva: Mapishi ya Maharage na Nyama Katika Nyanda za Juu

(Maneno ya mazungumzo yetu na mama lishe na baba lishe wa Kahama)

Ndugu zetu wapishi,

Wengi wenu mmetoka mikoa ya pwani mkaja Kahama kuwapikia wachimbaji na wafanyabiashara. Malalamiko tuliyoyasikia kwenu ni mamoja: maharage yaliyokuwa yakiiva Dar es Salaam kwa saa moja na nusu, hapa kwa muda huohuo bado ni magumu. Mbegu hulaumiwa, na mkaa nao hulaumiwa. Sababu nyingine, ambayo watu huisahau, ni mwinuko wa mahali penyewe.

Kahama iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kadiri tupandavyo juu, hewa hupungua na uzito wake juu ya maji hupungua pia, kwa hiyo maji hupata wepesi wa kugeuka mvuke. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Hapa huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Njombe, karibu na mita 2,000, kwenye nyuzi 93. Maji yakishachemka katika sufuria ya kawaida, joto lake halipandi tena. Ukiongeza mkaa, utaongeza mvuke tu na kukausha mchuzi. Kinachofidia upungufu huo ni muda.

Tuchukue mfano wa kilo mbili za maharage mekundu, yanayotakiwa mezani saa saba mchana. Yalowekwe usiku kucha katika maji yanayoyafunika vizuri. Asubuhi maji hayo yamwagwe, maharage yasuuzwe, kisha yabandikwe katika maji mapya kabla ya saa nne. Yachemke kwa nguvu nusu saa ya kwanza. Baada ya hapo moto upunguzwe, mradi maji yaendelee kuchemka taratibu chini ya mfuniko, kwani joto lake ni lilelile na mkaa utatumika kidogo. Yale ya saa moja na nusu pwani, hapa yapewe takriban saa mbili. Yaliyokaa ghalani muda mrefu yatadai zaidi. Maji yakipungua, ongeza ya moto, si ya baridi. Nyanya, limau na ukwaju vingoje hadi maharage yalainike, kwa maana uchachu huzuia ganda kulainika.

Nusu saa ile ya kuchemka kwa nguvu isipunguzwe. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ambayo huharibika kwa kuchemshwa sawasawa. Nyuzi 96 zinatosha kuiharibu. Moto hafifu usiofikisha maji kuchemka hautoshi. Mtu aliyekula maharage manne au matano tu yasiyoiva anaweza kupata kichefuchefu na kutapika ndani ya saa chache, kisha akaharisha. Kwa sababu hiyo tunawasihi: msipime kuiva kwa kutafuna.

Pimeni hivi. Chota maharage kumi kutoka juu, katikati na chini ya sufuria, yapoe kidogo, kisha ponda moja moja kati ya kidole gumba na cha shahada. Kila moja lipondeke na kuwa laini hadi ndani, bila kiini kigumu chenye rangi ya chaki. Likikataa hata moja, rudisha mfuniko na pima tena baada ya robo saa. Ganda kupasuka si ushahidi, maana laweza kupasuka huku ndani bado ni kugumu.

Nyama ya ng'ombe nayo hufuata kanuni hiyo, ila inafaa kutofautisha usalama na ulaini. Vipande vidogo vikichemka vizuri hupata joto la kuua vijidudu mapema. Kinachochelewa ni mishipa na nyama ngumu kulainika, na hapa huchelewa zaidi kuliko pwani. Choma uma katika kipande kinene kuliko vyote: ukiingia na kutoka bila kukivuta, kimelainika. Kwa kuku na nyama ya kusaga rangi hudanganya. Mwenye kipima joto akichomeke katikati ya nyama: nyuzi 74 zinatosha kwa zote mbili.

Kuchoma juu ya makaa na kukaanga kwa mafuta hakubadiliki sana, kwa kuwa joto lake halitawaliwi na maji kuchemka. Mwenye sufuria ya presha, ile ambayo mfuniko wake hufungwa kwa kukazwa, huuzuia mvuke usitoke, na joto ndani hupita nyuzi 100 hata hapa. Naye aongeze dakika chache juu ya zile alizozoea pwani.

Mteja akifika kabla chungu hakijaiva, mpeni chakula kingine au mwombeni asubiri. Maharage yasiondoke jikoni kabla hayajapita mtihani wa vidole.