Ripoti Inayosubiri Watu: Takwimu za Chaneli Changa



Naomba muda wenu nizungumzie sentensi moja tu. Tuchukue mfano wa fundi seremala aliyefungua chaneli ya YouTube kuonyesha anavyotengeneza milango. Akiingia YouTube Studio na kugusa sehemu ya watazamaji, anakuta maneno haya: `Not enough viewer data to show this report`. Yaani watazamaji hawajatosha kuandaliwa ripoti. Lakini takwimu zilezile zinamwambia kwamba video zake zimetazamwa mara 140. Ana haki ya kuuliza: kama mmehesabu mara 140, mnashindwaje kuniambia ni watu wa namna gani? Na nisubiri mpaka lini?

Sehemu ndogo ya jibu ni uchelewaji wa kawaida. Namba za saa 48 zilizopita hutolewa haraka kama makadirio, ila ripoti zenyewe kwa kawaida huchukua siku mbili hadi tatu kukamilika. Siku hizo nazo zinahesabiwa kwa saa za pwani ya Pasifiki, Marekani. Kwetu Afrika Mashariki siku ya YouTube huanza saa nne au saa tano asubuhi, kutegemea majira yao, kwa hiyo video iliyopandishwa Jumatatu saa mbili asubuhi inaandikwa kwenye hesabu ya Jumapili. Uchelewaji huu unaisha wenyewe. Siku ya tano ujumbe ukiwa bado upo, sababu ni nyingine.

Sababu hiyo ni kizingiti. YouTube huficha ripoti, yote au sehemu yake, pale watu walio ndani yake wanapokuwa wachache mno, na idadi inayotakiwa haijatangazwa. Anayewauzia ninyi namba kamili anabahatisha.

Turudi kwa seremala. Mara 140 si watu 140. Tuseme ni watu 40, wengine wamerudia mara kumi. Ripoti ya umri na jinsia inategemea watazamaji walioingia kwa akaunti zao, na hao tuseme ni 25. Umri umegawanywa katika makundi saba, kuanzia miaka 13 hadi 65 na zaidi. Ukiyagawa tena kwa wanawake na wanaume unapata visanduku 14 vya watu 25, hata wawili kwa kisanduku hawafiki.

Sasa tuseme ripoti hiyo imeonyeshwa, mtazame kisanduku cha wanawake wa miaka 55 hadi 64. Kimeandikwa asilimia 4, yaani mtu mmoja. Mtu huyo ni shangazi wa seremala, maana juzi alimpigia simu kumpongeza. Kama seremala angeweza kuchuja ripoti kwa kundi hilo, angejua shangazi alitumia kifaa gani na alitazama kwa dakika ngapi kabla ya kuachana na video. Shangazi hakumruhusu mtu ajue hayo. Hata kuficha kisanduku hicho peke yake hakutoshi: chukua ripoti ya siku saba, chukua ya siku nane, toa moja kwenye nyingine, na aliyeongezeka siku ile anabaki peupe. Ndiyo maana inafaa ripoti nzima ifungwe.

Kuna pia suala la usahihi, ambalo kwangu mimi mtu wa takwimu ndilo zito zaidi. Katika watu 25 kila mmoja anabeba asilimia 4. Wakija vijana wawili wa mtaani, “hadhira” imebadilika kwa chati nzima. YouTube wenyewe wanaeleza kwamba kwa nusu ya chaneli na video, picha ya video hubofywa kati ya asilimia 2 na 10 ya mara inazoonyeshwa, lakini wanatahadharisha kuwa kwa chaneli isiyofikisha wiki, au video iliyotazamwa chini ya mara 100, namba hiyo huyumba zaidi.

Basi mpaka lini? Kalenda haisemi. Kipindi cha kawaida cha ripoti ni siku 28 zilizopita, na dirisha hilo linasogea kila siku. Video ikivuma, ripoti inaweza kufunguka ndani ya wiki ya kwanza. Seremala akikaa miezi miwili bila kupandisha kitu, watazamaji wa zamani wanatoka dirishani na ujumbe unaweza kurudi, hata kama chaneli ina mwaka. Unaweza kurudi vilevile akichuja sana: video moja, nchi moja, siku tatu. Apanue kipindi mpaka `Lifetime`, aangalie chaneli nzima, na mara nyingi kitu kitaonekana. Kuwaomba ndugu wazitazame video zake tena na tena hakumsaidii, maana mtu yule yule hageuki kuwa watu kumi.

Chati moja haikubali ujanja huo wa kupanua: ile ya saa ambazo watazamaji wako huwa kwenye YouTube. Yenyewe husoma siku 28 tu za mwisho, na hapo fundi wetu hana budi kusubiri watu wapya waje.