Pasipoti Moja, Nyuso Mbili: Picha Mseto na Udhaifu wa Dirisha la Maombi



Mwezi Septemba 2018, kikundi cha wanaharakati wa Ujerumani kiitwacho Peng! kilitangaza kwamba mwanachama wake mmoja amepewa pasipoti halali ya Ujerumani yenye picha isiyo yake peke yake. Uso wake ulikuwa umechanganywa kwenye kompyuta na uso wa Federica Mogherini, Mtaliano aliyekuwa wakati ule akisimamia sera za nje za Umoja wa Ulaya. Maombi yalipelekwa ofisini kama maombi mengine yoyote, na pasipoti ikatoka. Kitabu kilikuwa cha serikali, chipu ya serikali, saini ya serikali. Hakuna kilichoghushiwa baada ya hapo.

Hilo la mwisho ndilo lililonileta mbele yenu. Tangu zamani maofisa wa mpakani wamefundishwa kutafuta kilichochezewa: ukurasa uliobandikwa upya, wino usiong'aa chini ya taa ya zambarau, herufi zilizokwanguliwa. Pasipoti yenye chipu ikaongeza saini ya kidijitali, ambayo huthibitisha kwamba data iliyomo haijabadilishwa tangu siku ilipotolewa. Picha mseto hupita vipimo hivyo vyote kwa haki, kwa sababu uongo uliingia kabla ya saini. Serikali yenyewe ndiyo iliyoutia sahihi.

Tuchukue mfano wa watu wawili, tuwaite Juma na Hamisi. Juma ni raia asiye na doa. Hamisi anatafutwa na polisi na hawezi kuomba pasipoti kwa jina lake. Si ndugu, ila wanakaribiana umri, rangi na umbo la uso. Programu huweka nukta kwenye sura zao, mara nyingi 68: pembe za macho, nyusi, ncha ya pua, kingo za midomo, mstari wa taya. Nukta hizo huunganishwa zikawa pembetatu ndogondogo. Kila pembetatu ya Juma na mwenzake wa Hamisi huvutwa mpaka zikakutana katikati, kisha rangi zao huchanganywa nusu kwa nusu. Uso unaotokea ni wa mtu ambaye hayupo duniani, lakini Juma anafanana naye, na Hamisi pia.

Kazi mbovu hujionyesha. Nukta zikikaa vibaya, utaona kivuli pacha, hasa pale zisipofika: kwenye nywele, masikio, kola ya shati. Tazama pia tundu za pua, na mng'ao wa taa ndani ya mboni, ambao unaweza kuonekana mara mbili ndani ya jicho moja. Mhalifu makini huziondoa alama hizo. Huchanganya sehemu ya ndani ya uso tu, akaipachika ndani ya kichwa halisi cha Juma, nywele na masikio yakabaki ya Juma. Juma ndiye anayekwenda dirishani na picha hiyo. Ofisa anamtazama, anaitazama picha, anaona inamfaa.

Kwa nini mashine nayo ikubali? Wengi hudhani ni ubovu wa mashine. Mimi naona ni kinyume chake, na ningependa tukae hapa kidogo.

Mfumo wa kisasa wa kutambua uso haulinganishi picha kwa pikseli. Huugeuza uso kuwa mshale katika nafasi ya vipimo vingi, kwa kawaida mamia, 512 kwa mfano. Picha mbili za mtu mmoja hutoa mishale inayoelekea karibu upande mmoja. Watu wasiofanana hutoa mishale inayokaribia kuachana kwa nyuzi 90. Sasa pasipoti nyingi hudumu miaka 10. Mwenyewe atanenepa, atafuga ndevu, atasimama mbele ya kamera yenye mwanga hafifu. Mfumo usipomvumilia, foleni ya uwanja wa ndege haitasogea. Basi huwekwa kizingiti. Tuseme, kwa ajili ya hesabu yetu, kwamba pembe yoyote chini ya nyuzi 60 huhesabiwa kuwa mtu yuleyule. Mgeni wa kubahatisha, aliye karibu na nyuzi 90, hatapita.

Lakini mshale unaopita katikati ya Juma na Hamisi, hata kama wao wameachana kwa nyuzi 90, uko nyuzi 45 kutoka kwa kila mmoja. Umepita kwa wote wawili, na umebakiwa na nafasi. Picha halisi haiangukii katikati kabisa, ila nafasi hiyo inatosha kufidia. Hata watu watatu wakichanganywa sawasawa, kila mmoja atakuwa karibu nyuzi 55 kutoka kwa mseto wao, bado ndani ya kizingiti chetu. Kwa wanne tunafika nyuzi 60 kamili, na hapo mlango unafungwa. Ndiyo maana mhalifu hashughuliki na umati, wawili wanamtosha.

Kutokana na hesabu hiyo linafuata jambo lisilopendeza: mfumo unapozidi kuwa hodari kumtambua mwenye pasipoti licha ya uzee na mwanga mbaya, ndivyo unavyozidi pia kuukubali mseto. Kuikaza pembe huwazuia wahalifu wachache na kuwafukuza wenye haki wengi.

Walioliweka jambo hili mezani ni watafiti watatu wa Chuo Kikuu cha Bologna, Matteo Ferrara, Annalisa Franco na Davide Maltoni. Mwaka 2014 walitengeneza picha mseto na kuzipitisha kwenye programu za kibiashara za kutambua nyuso, wakiziwekea vizingiti vinavyopendekezwa kwa mageti ya mpakani. Programu ziliwakubali wenye nyuso wote wawili. Wakati huo lilionekana jambo la maabara. Tangu hapo polisi wa Slovenia wameeleza hadharani kesi za pasipoti halali za nchi yao zilizotolewa kwa picha za namna hii na kutumiwa na wageni.

Je, jicho la ofisa litaokoa? Mwaka 2017 watafiti wa saikolojia wa Uingereza, David Robertson, Robin Kramer na Mike Burton, walichapisha majaribio ya kulinganisha picha mbilimbili za nyuso. Watu ambao hawakuambiwa habari za picha mseto waliukubali mseto wa nusu kwa nusu kama mtu mwenyewe kwa asilimia 68. Kwa walioelezwa na kuonyeshwa ishara zake, kiwango kilishuka hadi asilimia 21. Kwa hiyo mafunzo yanasaidia, na yasipuuzwe. Ila majaribio yale hayakuwa na mhalifu makini niliyemtaja, aliyekwishafuta vivuli vyote.

Njia nyingine ni mashine ya kugundua mseto, nayo ina namna mbili. Ya kwanza huichunguza picha moja tu, ikitafuta alama za kuchanganywa. Adui yake ni ofisi yenyewe: picha ikichapishwa kwenye karatasi ya milimita 35 kwa 45, kisha ikapigwa skani, kisha ikabanwa ili ienee kwenye chipu katika kilobaiti 15 au 20, alama nyingi hufutika. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ambayo hupima mashine hizi, imeeleza katika mwongozo wake wa 2025 kwamba mashine bora za namna hii zinaweza kugundua hata asilimia 100 ya miseto pale zinapoifahamu programu iliyoitengeneza, huku zikimshuku mtu mmoja asiye na hatia katika kila 100. Programu ikiwa ngeni kwao, ugunduzi unaweza kushuka chini ya asilimia 40.

Namna ya pili hudai picha mbili: ya pasipoti, na nyingine iliyopigwa papo hapo mtu akiwa amesimama. Wazo lake ni jepesi na ni zuri. Kama picha ya pasipoti ni nusu Juma nusu Hamisi, na aliyesimama mbele yetu ni Hamisi, basi toa Hamisi kwenye picha:

`2M − H = J`

M ni mseto, H ni Hamisi, na kinachobaki ni Juma. Pasipoti ikiwa ya kweli, ukitoa mwenyewe anabaki mwenyewe. Ikiwa ya mseto, sura ya mwenzake aliyefichwa hujitokeza. NIST imeona njia za kulinganisha picha mbili zikigundua kati ya asilimia 72 na 90, na uzuri wake ni kwamba haziyumbi sana programu inapobadilika. Udhaifu wake ni kwamba picha ya getini lazima iwe safi.

Hata hivyo, fikirieni uwanja wa ndege unaopitisha abiria 10,000 kwa siku. Kushuku mmoja katika kila 100 ni kuwasimamisha watu 100 kila siku, na pengine siku hiyo hapakuwa na mseto hata mmoja. Baada ya wiki chache ofisa ataanza kubonyeza kitufe cha kupitisha bila kutazama. Simlaumu, mfumo ndio uliomfundisha.

Mtauliza habari za alama za vidole. Pasipoti za Umoja wa Ulaya huhifadhi alama za vidole viwili ndani ya chipu, na vidole vya Juma haviwezi kuwa vya Hamisi. Lakini kuvisoma kunahitaji cheti maalumu ambacho nchi hupeana, na mageti mengi huishia kwenye uso.

Ndiyo maana nasema mpakani tumeshachelewa. Mlango ulioachwa wazi ni dirisha la maombi, pale raia anaporuhusiwa kuleta picha aliyopiga mwenyewe au kuipandisha mtandaoni. Ujerumani ilijifunza. Sheria yake ya mwaka 2020 iliyoanza kutekelezwa kwa picha tarehe 1 Mei 2025 imekataza picha za karatasi: picha hupigwa ndani ya ofisi, au na mpiga picha aliyethibitishwa anayeituma moja kwa moja kwa njia salama. Mwombaji haigusi.

Nasi hapa Tanzania tunayo mazoea hayo tayari. Anayejiandikisha NIDA hukaa mbele ya kamera ya ofisa na kuweka vidole kwenye mashine. Hakuna anayemwomba alete picha kutoka nyumbani. Pasipoti ya kielektroniki ya Afrika Mashariki inafuata kanuni zilezile za kimataifa za chipu na saini nilizozieleza, kwa hiyo udhaifu wake ni uleule.

Ombi langu kwa idara za uhamiaji za ukanda wetu ni moja, na halihitaji kununua mashine ya kugundua chochote. Picha inayoingia kwenye chipu ipigwe na ofisa, mwombaji akiwa amekaa mbele yake, na ilinganishwe palepale na picha iliyomo kwenye daftari la vitambulisho vya taifa. Ile inayoletwa na mwombaji, ya karatasi au ya simu, isitumike kabisa.