Miaka Saba na Wiki Mbili: Ustawi wa Mtoto Mbele ya Hakimu

Niruhusuni nianze na mtoto mmoja. Ni mtoto wa mfano. Nimemuunda ili nisimwanike mtoto wa mtu. Ana miaka minne na miezi minane. Mama yake ni fundi cherehani Morogoro, baba yake dereva wa lori la kwenda Tunduma. Siku wazazi wanagombana, baba anamchukua mtoto na kumpeleka kwa bibi, Iringa. "Wiki mbili tu," anasema, "hadi mambo yatulie."

Mama anakwenda kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, kwa sababu ndivyo alivyoambiwa. Vikao vinaahirishwa mara kwa mara, baba yuko safarini. Hati ya kushindwa kuwasuluhisha inapopatikana, shauri la talaka linafunguliwa, nalo lina tarehe zake. Siku hakimu anaposoma hukumu, mtoto ana miaka sita na miezi kadhaa. Anasoma Iringa, ana marafiki Iringa, na bibi anamwita mama.

Sasa tufungue Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 125. Inasema jambo la kwanza kuzingatiwa ni ustawi wa mtoto. Kisha inaweka dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri akae na mama yake. Nusu hiyo kila mtu anaijua, hata vijiweni. Nusu ya pili ya sentensi hiyohiyo haijulikani sana: katika kuamua kama dhana hiyo itumike, mahakama iangalie ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 39, nayo inataja mambo yote mawili, umuhimu wa mtoto kuwa na mama yake na haja ya malezi yasiyokatikakatika.

Wakili wa baba atasimama kwenye nusu hiyo ya pili. Atasema mtoto ametulia, msimhamishe. Na kweli ametulia. Hapa ndipo kipimo hiki kinapoumiza: aliyemshika mtoto wakati kesi inasubiri anajijengea ushahidi kila siku inayopita. Nimeliona hili likitokea, na linanikera hadi leo.

Hakimu makini atauliza utulivu huo ulitokana na nini. Je, wazazi walikubaliana, au mmoja aliutengeneza kwa ahadi ya wiki mbili? Halafu atauliza swali ambalo wengi hulipita: mtoto huyu analelewa na nani hasa? Baba yuko barabarani. Anayemwogesha, anayeamka usiku homa ikipanda, ni bibi. Kwa hiyo mvutano wa kweli ni kati ya mama na bibi, na kifungu cha 125 kinaruhusu mtoto apewe mtu asiye mzazi pale tu penye mazingira ya kipekee. Upendo wa bibi, nauheshimu sana, lakini peke yake si mazingira ya kipekee.

Baba atasema pia kwamba cherehani haiwezi kusomesha. Hoja hiyo inajibiwa na kifungu cha 129: baba anawajibika kumtunza mwanawe hata akiwa anakaa kwa mwingine. Kipato kikubwa kinaamua nani alipe zaidi. Hakiamui nani akae na mtoto.

Kazi kubwa humwangukia Afisa Ustawi wa Jamii. Taarifa yake ikiandikwa baada ya ziara moja iliyopigiwa simu mapema, itaeleza nyumba iliyofagiliwa, basi. Taarifa nzuri imeangalia kadi ya kliniki na aliyekuwa akiipeleka, imemsikiliza mwalimu na jirani, na imezungumza na mtoto peke yake. Mtoto aliyefundishwa la kusema hujulikana kwa maneno ya watu wazima. Akisema "mama hana uwezo wa kunihudumia," hayo yametoka kinywa kingine. Akisema "kwa bibi kuna giza chooni," hayo ni yake.

Mama huyu angeweza kuwahi zaidi. Sheria ya Mtoto, kifungu cha 37, inamruhusu mzazi kuomba malezi bila kungoja talaka, na angeweza kuomba amri ya muda mapema, wiki hizo mbili zilipoisha. Hakuna aliyemwambia.

Kwa maoni yangu mtoto arudi Morogoro, ila si kesho yake. Amri iseme amalize muhula Iringa, mama amtembelee kila wikendi ya pili, kisha alale kwake likizo nzima kabla ya kuhama shule. Iseme bibi atamwona lini. Iseme pia mtoto atakabidhiwa wapi, saa ngapi, na nauli ya basi italipwa na nani, maana amri nyingi hukwama kwenye nauli.